Hita, feni na kiyoyozi: maelekezo kwa anayebaki na nyumba yetu Entebbe

Mwanangu, funguo umeshapewa na askari wa getini anakujua, kwa hiyo hayo tuyaache. Karatasi hii inahusu vitu vitatu tu: hita ya chumba cha wageni, feni, na kiyoyozi cha chumba chetu. Isome yote ukiwa umetulia, halafu ibandike kwenye mlango wa friji. Baba yako mdogo alitaka niandike mistari mitano, nikamwambia mitano haitoshi. Umeme wa hapa haukatiki tu. Unafifia, unapanda ghafla, unarudi na kuondoka tena kabla hujapata kiberiti, na kila kimoja kati ya vitu hivi kinaumia kwa namna yake.

Kwanza uelewe hali ya hewa, maana umezoea Dar. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko hapo chini. Mchana joto hufika 26 au 27, usiku hushuka hadi 17 au 18. Joto la kukunyima usingizi ni nadra. Kinachotusumbua ni unyevu. Chumba kikifungwa wiki mbili msimu wa mvua, utakuta ukungu wa kijivu kwenye viatu vya ngozi, kwenye kola za makoti na nyuma ya kabati lililogusana na ukuta. Kwa hiyo kiyoyozi kazi yake wakati hatupo ni kukausha chumba, wala si kutia baridi. Hita ni ya mtoto wako anapooga jioni. Mengine yote ni kazi ya feni.

Yaka kabla ya yote

Mita yetu ya Yaka, yaani umeme wa kulipia kwanza, iko juu ya nguzo nje; ukutani karibu na jiko kuna kibodi yake ndogo. Namba ya mita imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha kibodi. Unalipia kwa simu, *165# ukiwa na MTN au *185# ukiwa na Airtel, na unaletewa ujumbe wenye tarakimu 20. Ziingize polepole, nne nne. Kibodi ikikataa, anza upya, kwa kawaida ni tarakimu moja iliyopotoka. Usishangae ukisikia majirani wakiendelea kuitaja Umeme kama kampuni: mkataba wake uliisha tarehe 31 Machi 2025 na kazi ikachukuliwa na kampuni ya serikali, UEDCL. Malalamiko ya nguzo au waya uliokatika nje yapeleke huko.

Yuniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Hita ikifunguliwa mpaka mwisho ni wati 2,000. Kiyoyozi chetu ni cha BTU 12,000 na kompresa yake ikizunguka huvuta kama wati 1,100. Pangaboi moja ni wati 60 hivi. Sasa piga hesabu: pangaboi usiku kucha, saa nane, ni nusu yuniti. Hita ikiwa wazi kabisa inamaliza nusu hiyo kwa robo saa. Kila mwezi yuniti 15 za mwanzo huuzwa kwa bei nafuu, baada ya hapo bei inapanda sana, na hita ndiyo itakayokufikisha huko. Nimekuachia pesa za Yaka kwenye bahasha, ila si za kupashia korido joto.

Jambo moja kuhusu mzigo: hita ya chumba, hita ya maji ya bafuni na pasi visiwashwe pamoja. Viwili vitapita, cha tatu kitaangusha swichi kuu. Ikianguka, zima kimoja kwanza, ndipo uipandishe. Ikianguka tena hata baada ya kuchomoa kila kitu, iache hivyo hivyo na umwite fundi. Usiifunge kwa utepe wala kuishikilia kwa kidole. Inaanguka kwa sababu.

Kiyoyozi: namna ya kukausha chumba

Mezani chumbani kuna kipima unyevu kidogo chenye skrini, namba ya joto juu na ya unyevu chini. Ingia kila siku mara moja uitazame ile ya chini. Ikiwa chini ya 60, funga mlango uende zako, hakuna kazi. Ikiwa kati ya 60 na 70, fungua madirisha saa chache kama jua limewaka na hewa ya nje ni kavu. Ikipita 70, hapo ukungu unaanza kujitafutia makazi, na hapo ndipo unawasha kiyoyozi.

Wakati mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita mchana. Kuna sababu mbili. Ya kwanza, saa hizo nguvu ya umeme huwa nzuri. Jioni, kuanzia saa moja, kila nyumba inapika na kupiga pasi, na volti zinashuka. Ya pili ni ya kiyoyozi chenyewe: kinakausha kwa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili mvuke uliomo ugeuke kuwa matone na kutiririka nje. Chumba kikiwa tayari kina baridi ya usiku wa mvua, kompresa haizunguki vya kutosha na unabaki unapoteza umeme bila kutoa tone. Kwa hiyo usikikaushe chumba usiku.

Fanya hivi:

1. Funga madirisha na mlango, kisha fungua milango yote ya kabati na uvute droo za viatu. Hewa kavu isipofika ndani ya kabati, umekausha sakafu tu.
2. Washa swichi kubwa ya ukutani. Kati ya swichi na kiyoyozi kuna gadi, kile kisanduku cheupe chenye taa tatu. Nyekundu maana yake umeme upo lakini mbaya. Njano maana yake gadi inasubiri. Kijani maana yake inapitisha. Subiri kijani, hata kama ni dakika nne.
3. Chukua rimoti, bonyeza `MODE` mpaka skrini ionyeshe `DRY`, ile alama ya tone la maji. Usitumie `AUTO`, inajiamulia mambo yake.
4. Baada ya dakika kumi na tano hivi toka nje, nyuma ya nyumba, utazame bomba jembamba la plastiki linaloshuka ukutani. Lazima lidondoshe maji. Hilo ndilo thibitisho kwamba kazi inafanyika.
5. Saa mbili zinatosha, na haziwezi kula zaidi ya yuniti mbili hivi. Zikiisha, usizime moja kwa moja. Badilisha kuwa `FAN` kwa dakika ishirini ili mabomba ya ndani yakauke. Yakiachwa na maji, wiki ijayo kiyoyozi kitatoa harufu ya soksi.
6. Zima kwa rimoti, ngoja pazia lake la mbele lijifunge, ndipo uzime swichi ya ukutani. Funga kabati.

Rimoti inaonyesha ulichoiambia, haionyeshi kiyoyozi kinafanya nini. Unaweza kuona `DRY` kwenye skrini wakati chombo kimekaa kimya ukutani kwa sababu gadi iko kwenye nyekundu. Amini maji yanayodondoka na sauti ya kompresa kule nje.

Mkitaka kulala huko siku ya joto, ruksa. Weka `COOL`, joto 25 au 26, na feni kasi ya chini. Kuweka 18 hakukipoozi chumba haraka zaidi. Kompresa inazunguka kwa nguvu ile ile, ila haitapata pa kupumzika. Na mtoto mchanga asilazwe pale upepo wake unapoelekea.

Chujio, na wale wadudu wa ziwani

Kila baada ya wiki mbili inua kifuniko cha mbele cha kiyoyozi, kinafunguka kwa vidole pembeni. Ndani kuna machujio mawili ya wavu mwembamba. Yavute chini, yaoshe kwa maji ya bomba upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia, yakung'ute na uyaanike kivulini. Ukiyaanika juani yanapinda na hayarudi sawasawa. Usiwashe kiyoyozi bila machujio, hata kwa dakika tano, maana vumbi litaenda kunata kwenye mapezi ya ndani ambako huwezi kulifikia.

Usisubiri wiki mbili wakipita wale wadudu wa ziwani, ambao watu wa hapa huwaita sami. Mara nyingi ni siku za mwezi mwandamo. Utawaona kwanza juu ya maji kama nguzo za moshi, kisha upepo unawaleta bara. Hawaumi wala hawana neno na mtu, lakini wanapenda mwanga, na wanakufa kwa maelfu popote palipo na taa. Jioni hiyo zima taa ya nyuma ya nyumba, maana iko hatua mbili tu kutoka kwenye mashine ya nje ya kiyoyozi. Asubuhi yake, kabla ya kuwasha chochote, zima swichi ya ukutani na uende uitazame. Ukikuta mapezi yamefunikwa na tabaka la kijani na kahawia, yafagie kwa brashi laini ya nguo kutoka juu kwenda chini, kwa kufuata mistari ya mapezi. Kisha maji ya kopo, taratibu. Usielekeze bomba la maji lenye nguvu. Yale mapezi ni ya alumini nyembamba na yanalala chini kama nyasi, hewa ikakosa njia.

Mashine ya nje ikizibwa, joto halitoki, kompresa inafanya kazi ikiwa imebanwa pumzi na mwishowe inajizima yenyewe. Dalili utakayoiona ndani ni kwamba kiyoyozi kinapuliza kwa nguvu lakini hewa ni vuguvugu. Dalili ya chujio la ndani kuziba ni kinyume chake: hewa ni baridi sana lakini inatoka kidogo, na baadaye barafu inashika kwenye bomba la shaba. Ukiona barafu, zima, usiikwangue, iache iyeyuke yenyewe, osha machujio ndipo ujaribu tena. Ikirudi wakati machujio ni safi, basi huenda gesi imepungua, na hiyo ni ya fundi.

Na maji yakidondoka ndani, juu ya kitanda, tatizo ni lile bomba la plastiki. Limezibwa na utelezi au na wadudu wale wale, au mtu ameweka ndoo nje na mdomo wa bomba umezama kwenye maji. Ondoa ndoo kwanza. Kisha funga kitambaa kwenye mdomo wa bomba, uvute kwa mdomo mara moja kwa nguvu na utoe haraka. Kitambaa usikisahau.

Umeme ukikatika, na hasa ukirudi

Hapa ndipo nataka uwe makini kuliko kwingine kote. Kukatika kwenyewe hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni dakika za mwanzo za kurudi kwake. Kompresa ikisimama ghafla, gesi upande mmoja inabaki na shinikizo kubwa na upande wa pili dogo. Inahitaji kama dakika tatu mpaka pande zote zilingane. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota inajaribu kuanza huku imekabwa, haizunguki, inavuta mkondo mkubwa mara kadhaa ya ule wa kawaida na kupata moto ndani. Ikitokea mara chache, inaungua. Gadi ipo kwa ajili hiyo, lakini gadi nayo ni kifaa, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kompresa. Kwa hiyo tunaisaidia.

Tuseme ni saa tisa na nusu alasiri, mvua imeshika, ulikuwa umechelewa kukausha chumba na kiyoyozi kiko kwenye `DRY`, pangaboi la sebuleni linazunguka. Umeme unakatika. Hapo hapo nenda chumbani uzime swichi ya ukutani ya kiyoyozi. Usihangaike na rimoti, maana chombo hakisikii. Chomoa hita kama ilikuwa kwenye soketi. Geuza feni zote kwenye sifuri. Acha taa moja tu ya korido ikiwa imewashwa. Hiyo ndiyo shahidi wako.

Saa kumi kasoro dakika kumi taa ya korido inawaka, lakini inacheza na mwanga wake ni mwekundu. Usiguse kitu. Dakika mbili baadaye inazimika tena. Kama ungekuwa umeacha kila kitu wazi, kiyoyozi na friji vingekuwa vimeshapata pigo mara mbili. Saa kumi na dakika ishirini inawaka tena, sasa ni nyeupe na imetulia. Bado usiguse. Hesabu dakika kumi kwa saa yako. Ikiwa haijacheza, angalia gadi ya friji kwanza kama ni kijani, kisha washa pangaboi kasi ya pili, kisha ndipo uwashe swichi ya kiyoyozi, usubiri njano igeuke kijani, na mwisho rimoti. Lakini kwa saa hiyo mimi ningekiacha kizimwe kabisa, nikakausha kesho yake saa nne. Jioni inakuja na volti zitashuka.

Radi ni jambo jingine. Ukanda huu wa ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na gadi haizuii radi. Ukisikia ngurumo kwa mbali, usisubiri umeme ukatike: swichi ya kiyoyozi chini, plagi ya friji na ya hita nje ya soketi. Ngurumo ikiwa tayari iko juu ya nyumba, usianze kuchomoa plagi. Kaa mbali nazo mpaka ipite.

Feni

Pangaboi zipo mbili, sebuleni na chumba cha wageni, na feni ya kusimama iko stoo. Feni haipoozi chumba, inampooza mtu aliye chini yake, kwa hiyo ukitoka chumbani izime. Kasi ya pili au ya tatu inatosha Entebbe. Ukisimama chini yake utasikia upepo ukishuka. Kama unasikia unapanda, kuna kiswichi kidogo kwenye kikombe cha mota kinachobadilisha mwelekeo. Kigeuze feni ikiwa imesimama kabisa.

Chandarua cha chumba cha wageni kimefungwa kwenye fremu ya kitanda, si darini, kwa makusudi. Usikiinue wala kukining'iniza kwenye ndoano ya zamani. Pangaboi likikinasa kitambaa linakivuta chote. Na usimnyanyue mtoto juu ya mabega chini yake. Tumeshazungumza hilo, lakini naandika.

Kufuta vumbi: zima, pandia kwenye ngazi ya mbao, si kiti. Chukua foronya ya zamani, ivishe kwenye bawa moja mpaka mwisho, bana kwa mikono miwili juu na chini, kisha vuta kuelekea kwako. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kuanguka kitandani. Ukikamilisha mabawa yote matatu, shika kila bawa ulitikise kidogo kuona kama skrubu zake zimelegea. Pangaboi linaloyumba mara nyingi ni skrubu mbili tu zilizohitaji bisibisi.

Kama feni inavuma lakini haizunguki, au inaanza tu ukiisukuma, kapasita yake imekwisha. Ni kifaa cha bei ndogo na fundi hukibadilisha kwa muda mfupi. Usiisukume kwa fimbo kila siku ili iendelee. Mota inapovuma bila kuzunguka inapata moto. Lakini kama feni zote mbili zimekuwa nzito kwa wakati mmoja, si kapasita. Ni umeme umeshuka, na utaiona gadi iko nyekundu.

Hita

Hita ni ile ya mafuta, yenye mapezi na magurudumu, iko nyuma ya mlango wa chumba cha wageni. Mafuta yaliyomo hayaongezwi wala hayaunguzwi, yanashika joto tu. Isimame wima wakati wote. Ikiwa imelazwa, kwa mfano mtu ameibeba kwenye gari, iache isimame saa moja kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi chini kwenye waya wa moto.

Kwa kuoga mtoto, iweke katikati ya chumba, angalau mita moja kutoka kwenye pazia, kitanda na chandarua. Chandarua hasa, kinayeyuka na kushika moto upesi. Plagi iingie moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, ile ya kulia ya dirisha. Ekstensheni ya sebuleni ni ya televisheni na simu, waya wake ni mwembamba na hita itaupika. Washa nusu saa kabla ya kuoga, swichi ya kwanza peke yake, ambayo ni wati 800, na kitufe cha kuzungusha kiwe katikati. Funga dirisha lakini acha mlango wazi kidogo. Mtoto akishavishwa, zima. Mapezi yataendelea kutoa joto kwa muda mrefu tu, na hilo ndilo zuri la hita ya mafuta: unalala ikiwa imezimwa na chumba bado kina uvuguvugu.

Siku ya kwanza utasikia harufu ya vumbi linaloungua kwa dakika chache na milio midogo ya tik tik. Ni chuma kinatanuka, hakuna shida. Harufu inayokutaka uzime mara moja ni ile inayofanana na samaki au plastiki. Hiyo hutoka kwenye plagi au soketi inayopata moto. Baada ya dakika kumi na tano za kuwaka, gusa plagi kwa nyuma ya vidole. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia, zima, chomoa, na soketi hiyo isitumike tena mpaka fundi aifungue. Usibadilishe fyuzi ya plagi kwa msumari au waya. Ni ya ampea 13, na za akiba ziko kwenye kopo la vifungo.

Usianike nepi juu ya mapezi. Najua msimu wa mvua nepi hazikauki. Zitundike kwenye kamba chumba cha wageni, pangaboi kasi ya pili, asubuhi zitakuwa kavu kwa nusu yuniti.

Na hili ni amri, si ushauri. Umeme ukikatika usiku wa baridi, usiingize sigiri ndani, hata ikiwa makaa yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi. Ile hewa ya sumu haina rangi wala harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Blanketi nzito ziko kwenye sanduku la bati, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, ikiwekwa kitandani kabla ya kumlaza mtoto kisha ikatolewa, inatosha.

Ukilazimika kuita fundi

Wapo wawili na namba zao ziko ndani ya mlango wa kabati la jikoni: mmoja wa umeme wa nyumba, mwingine wa viyoyozi. Usiwachanganye. Fundi wa viyoyozi akikuambia gesi imeisha aongeze, muulize imetokea wapi. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli, inazunguka humo humo kwa miaka. Ikipungua kuna tundu, na ukiongeza bila kuziba tundu umenunua wiki chache tu. Mwambie apime kwa povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba ya shaba, nje na ndani, ukiwa umesimama hapo. Povu likichemka, hapo ndipo. Baada ya hapo nipigie, tukubaliane bei, ndipo afungue chupa yake. Pesa ya fundi haiko kwenye bahasha ya Yaka. Nitakutumia kwa simu siku hiyo hiyo.

Chumba kikipita 70 wakati kiyoyozi hakifanyi kazi, fungua madirisha kila jua linapotoka, sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani, na ulete feni ya kusimama kutoka stoo uielekeze ndani ya kabati lililo wazi. Itakausha polepole, lakini itazuia ukungu mpaka fundi afike. Viatu vya baba yako mdogo vya ngozi vitoe kabisa uviweke sebuleni.